Kumpelekea mwandishi wa habari stori ya biashara yako ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanatoka kwa mtu aliyekaa miaka mingi kwenye dawati la biashara la gazeti, akipokea jumbe za wafanyabiashara kila asubuhi. Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: karakana ndogo mkoani Tanga inayotengeneza mkaa kwa vifuu vya nazi. Vifuu vinachomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo, vinasagwa, vinachanganywa na uji wa wanga wa muhogo, vinapitishwa kwenye mashine ya kubana, kisha vinaanikwa juani. Mteja wake mkubwa ni shule ya bweni ya taasisi ya dini yenye wanafunzi 420. Karakana, shule na hesabu zake ni za mfano tu, lakini mambo yanayowakuta ni yale yale yanayowakuta wengi.

Engo ni nini, na nitajuaje kama ninayo?

Engo ni sentensi moja inayosema nini kimebadilika, kwa nani, na kwa nini sasa. Ukishindwa kuisema kwa pumzi moja, bado una mada tu. "Mkaa wa vifuu" ni mada. "Shule ya bweni iliyoacha kuni inapikia vifuu vya nazi, lakini masika yanaitia wasiwasi" ni engo, maana ndani yake kuna mtu, kuna badiliko, na kuna jambo ambalo halijamalizika.

Angalia kwamba mwenye karakana hayumo kwenye sentensi hiyo. Hilo huwasumbua wengi, kwa sababu wanataka habari iwe yao. Lakini msomaji wa gazeti hakufahamu, na hana sababu ya kukujali. Anaijua shule, anamjua mpishi, anajua bei ya mkaa inavyopanda mvua zikikaza. Mpitishe huko, atakufikia. Ukianza na jina la biashara yako, mwandishi anaona tangazo, na gazeti lina idara ya matangazo yenye bei zake.

Biashara yangu imekua sana mwaka huu. Kwa nini hiyo si habari?

Kwa sababu kukua ni matokeo, na habari iko kwenye sababu. Mwandishi akisoma "tumekua", swali lake ni: nani ameanza kununua ambaye hakuwa akinunua, na kilichomsukuma ni nini?

Katika mfano wetu jibu lipo, tena ni kubwa. Serikali ya Tanzania ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kupikia kuni na mkaa wa miti kufikia mwisho wa Januari 2024. Mei mwaka huo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kupikia ifikapo 2034. Shule ya wanafunzi 420 imo ndani ya agizo hilo. Haikumfuata mwenye karakana kwa mapenzi. Ilikuwa inatafuta pa kutokea.

Sasa habari imepata mizizi. Mwandishi alishaandika kuhusu agizo, na alishaandika kuhusu mkakati. Asichokuwa nacho ni jiko moja ambamo agizo lile linaonekana likifanya kazi au likikwama. Wewe ndiye unayelijua hilo jiko. Ukitafuta engo ya biashara yako, anza na kanuni, bei, kodi, msimu au uhaba uliomsukuma mteja kuja kwako, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike dukani kwako.

Naruhusiwa kusema mimi ni wa kwanza?

Sema hivyo kama unaweza kulithibitisha, na mara nyingi huwezi. Neno "wa kwanza" ndilo linaloanguka mapema kuliko yote, kwa kuwa mwandishi analitafuta mtandaoni kwa dakika mbili. Mkaa mbadala umeshaandikwa sana. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina mkaa wake uitwao Rafiki Briquettes unaotokana na makaa ya mawe. Mwenye karakana wetu akidai kuwa wa kwanza atakuwa ameliharibu jina lake kabla hajaulizwa swali la pili. Aseme tofauti yake: malighafi ni vifuu vinavyotupwa na wakamua nazi wa jirani, na mnunuzi ni shule moja inayoweza kutembelewa.

Maneno kama "rafiki wa mazingira", "ubora wa kimataifa" na "bunifu" nayo yaache. Hayana uongo lakini hayana mahali pa kushika.

Niwe na ushahidi gani mkononi kabla ya kutuma ujumbe?

Hapa ndipo stori nyingi nzuri hufia. Mwandishi hukaa mbele ya mhariri wake kwenye kikao cha asubuhi, anaulizwa "Umejuaje?", na kama hana jibu stori inawekwa kando. Kazi yako ni kumpa jibu hilo mapema.

Chukua kila dai lililomo kwenye sentensi yako ya engo na uliandikie pembeni: ni nani mwingine, mbali na mimi, anaweza kulisema? Tufanye kwa karakana yetu. Dai ni kwamba shule imeacha kuni na inatumia pesa kidogo zaidi. Daftari la mauzo linaonyesha shule inachukua kilo 1,400 kwa mwezi wa masomo, kwa Sh 700 kwa kilo, yaani Sh 980,000. Hilo ni la kwako, na risiti zinalithibitisha. Lakini je, kuni ziligharimu kiasi gani? Huwezi kuijua namba hiyo kwa kukisia. Inabidi uende kwa mhasibu wa shule, umwombe aangalie vitabu vyake vya mwaka uliotangulia. Tuseme anakuta wastani wa Sh 1,200,000 kwa mwezi. Tofauti ni Sh 220,000, karibu asilimia 18.

Hapo wengi husimama, wakaandika "shule yaokoa asilimia 18". Usisimame. Mkaa wa vifuu hautumiki kwenye mafiga yale yale ya kuni. Shule ilinunua majiko manne kwa Sh 650,000 kila moja, jumla Sh 2,600,000. Gawa kwa Sh 220,000 na unapata karibu miezi 12 ya kupika kabla fedha ya majiko haijarudi. Ukiondoa likizo, hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja wa shule. Mwandishi makini atafika kwenye hesabu hii mwenyewe. Akiikuta umekwisha kuiandika, anajua anaongea na mtu wa kuaminika. Akiikuta umeificha, atajiuliza umeficha nini kingine.

Baada ya hesabu, tafuta watu. Mpishi mkuu wa shule ana thamani kuliko barua yoyote ya pongezi, maana yeye ndiye anayejua kama macho yameacha kuwasha na kama ugali wa watu 420 unaiva kwa wakati. Mkuu wa shule lazima akubali kabla hujatoa jina la shule. Kwa shule ya serikali, mara nyingi mkuu atakuambia apate kwanza ruhusa ya halmashauri, na hilo laweza kula wiki. Lishughulikie mapema, sio siku mwandishi ameshafika getini. Na picha za wanafunzi zisipigwe bila shule kuridhia.

Mwisho, hati: cheti cha usajili, namba ya mlipa kodi, na alama ya ubora ya TBS kama bidhaa yako inayo. Si lazima kuvituma. Inatosha viwepo, kwa sababu mhariri huogopa kuisifia biashara ambayo kesho itafungiwa.

Kuna sehemu ya hadithi yangu haipendezi. Niifiche?

Usiifiche. Mara nyingi hiyo ndiyo inayoiokoa stori.

Mkaa wa vifuu unakaushwa na jua. Machi hadi Mei, masika yakishika ukanda wa pwani, haukauki, na ukifungwa na unyevu unaota ukungu na kutoa moshi. Ajabu ni kwamba huo ndio wakati mkaa wa miti nao unapanda bei, kwa kuwa barabara za kutokea porini hazipitiki. Yaani wateja wanakuja wengi zaidi katika miezi ambayo karakana inazalisha kidogo zaidi. Mfanyabiashara anaona hiyo ni aibu ya kufunikwa. Mwandishi anaona hapo pana mvutano unaomfanya msomaji amalize aya ya pili: shule itapikia nini Aprili?

Basi mpe jibu la kweli lililopo. Labda karakana inaweka akiba kuanzia Januari, labda imejenga banda la kukaushia la nailoni linaloweka tani mbili tu, labda mwaka jana shule ilirudi kwenye kuni kwa wiki tatu. Kama ilirudi, sema ilirudi. Habari ya shule iliyorudi kwenye kuni kwa wiki tatu kisha ikatoka tena ina uzito kuliko ya shule ambayo haijawahi kupata shida, na itasaidia watu wengine wenye karakana kama yako.

Ningekwenda mbali zaidi: mtajie mwandishi mtu asiyekubaliana nawe. Muuza kuni aliyempoteza mteja mkubwa ana upande wake. Mwandishi analazimika kutafuta sauti ya pili, na ukimwonyesha ilipo umempunguzia siku nzima ya kazi.

Nimtumie nani: mhariri, mwandishi, au anuani ya jumla ya gazeti?

Mwandishi mmoja, kwa jina, aliyewahi kuandika juu ya jambo linalofanana na lako. Soma Mwananchi, Nipashe au HabariLeo kwa wiki mbili tatu (wa Kenya wasome Taifa Leo), utaona majina yanayojirudia kwenye nishati, elimu au biashara. Anuani ya jumla hujaa mialiko ya semina na taarifa za mashirika, na ya kwako itazama.

Kwa biashara iliyo nje ya Dar es Salaam, mtafute kwanza mwandishi wa mkoa. Wengi wao ni waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari inayotoka, kwa hiyo stori iliyopangika ina faida kwao pia. Klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wako itakuelekeza. Redio za jamii zisidharauliwe: mama lishe anasikiliza redio akiwa jikoni, na kwa muuza mkaa huyo ni mteja.

Usimtumie ujumbe ule ule waandishi saba kwa mpigo. Wanafahamiana, na wawili wakikutana getini kwa shule kila mmoja akidhani ni stori yake, hutapewa sikio tena.

Ujumbe wenyewe uandikwe vipi?

Mfupi, unaosomeka wote bila kuteremsha sana kioo cha simu. Barua pepe inafaa kwa sababu haipotei. Ukishaituma, ujumbe mfupi wa WhatsApp wa kumjulisha unatosha. Usitume sauti ya dakika nne. Kwa karakana yetu ningeandika hivi:

> Kichwa: Shule ya Tanga yaacha kuni, yapikia vifuu vya nazi, lakini masika yanakaribia
>
> Habari za kazi, kaka. Nilisoma habari yako kuhusu shule kutakiwa kuacha kuni, ndiyo sababu ninakuandikia.
>
> Shule ya bweni yenye wanafunzi 420 hapa Tanga inapikia mkaa wa vifuu vya nazi tangu mwanzoni mwa mwaka jana. Matumizi ya mwezi yameshuka kutoka Sh 1,200,000 hadi Sh 980,000 kwa mujibu wa vitabu vya shule, ila ilibidi inunue majiko ya Sh 2,600,000. Changamoto iliyopo mbele ni masika: mkaa huu hukaushwa kwa jua, na mwaka jana shule ililazimika kurudi kwenye kuni kwa wiki tatu.
>
> Mimi ndiye ninayewauzia, kwa hiyo nina maslahi. Mkuu wa shule, mhasibu na mpishi mkuu wamekubali kuzungumza, na unaweza kuona vitabu. Jikoni huwasha moto saa kumi alfajiri; picha nzuri zinapatikana hapo.
>
> Kama inakufaa, nipo kwa simu siku yoyote baada ya saa nane mchana. Ahsante.

Sentensi ya kukiri maslahi wengi huiona ya ajabu. Iweke. Mwandishi anajua unauza. Ukimwambia mwenyewe, hana haja ya kukuwinda. Na sentensi ya saa ya kuwasha moto ni kwa ajili ya mpigapicha, ambaye mara nyingi ndiye anayeamua kama stori ni ya nusu ukurasa au ya safu moja.

Ni wakati gani mzuri wa kutuma?

Kabla ya tukio linalobeba engo yako, sio baada. Stori ya mkaa huu ni ya Februari, masika hayajaanza na shule zimefunguliwa. Epuka wiki ya Sabasaba na ya Nanenane, maana waandishi wamejaa kwenye maonyesho, na pia katikati ya Juni, bajeti ya Serikali inaposomwa Dodoma. Kwa siku yenyewe, asubuhi kabla ya kikao cha wahariri ni bora. Jioni kila mtu anakimbizana na muda wa kufunga kurasa.

Natakiwa nimpe mwandishi chochote? Nauli? Bahasha?

Hapana, na swali hili linahitaji kujibiwa bila kuzunguka. Bahasha imezoeleka, na mwandishi wa mkoa kweli ana maisha magumu. Wengi hujigharimia nauli. Lakini habari iliyolipiwa ni tangazo lililovaa nguo za habari. Maadili ya Baraza la Habari Tanzania yanaikataza, na siku ikijulikana, atakayechafuka zaidi ni wewe mwenye jina mlangoni. Kuna jambo jingine la kibiashara tu: aliyelipwa kusifia hataenda kwa mhasibu kuangalia vitabu, na habari isiyo na vitabu haimshawishi mkuu wa shule ya jirani kukuagizia mzigo.

Maji ya kunywa na chai ni ukarimu wa kawaida. Kama safari ni ndefu na mwandishi hana usafiri, panga naye siku ambayo pikapu yako inapeleka mzigo shuleni, naye amwarifu mhariri wake kwamba amepanda gari lako. Akikuomba pesa ili habari itoke, mshukuru, achana naye, mtafute mwingine. Kama unachotaka hasa ni sifa bila maswali, nunua tangazo. Ni biashara halali na hakuna anayekulaumu.

Naweza kuomba niisome habari kabla haijatoka?

Kwa kawaida utakataliwa, na wana haki. Unachoweza kuomba ni kusomewa namba na jina la bidhaa ulivyovitaja, ili kilo 1,400 isigeuke tani 14. Waandishi wengi hulikubali hilo kwa simu. Baada ya mazungumzo, tuma ujumbe mmoja wenye tarakimu zote, tahajia ya majina na vyeo. Makosa mengi ya magazetini huzaliwa kwenye kelele za mashine mlipokuwa mnaongea.

Na usimwambie jambo usilotaka lichapwe, kwa kutumaini kwamba atalisahau. Kama kuna bei ya siri mliyokubaliana na shule, omba kwanza, naye akubali, ndipo useme. Ombi la baada ya kusema halimfungi.

Hajajibu. Nimsumbue?

Mkumbushe mara moja, baada ya siku nne au tano, kwa sentensi mbili, na uongeze kitu kipya: mvua imeanza mapema, au shule ya pili imekuja kuulizia. Akinyamaza tena, peleka kwa mwandishi mwingine. Ukimya mara nyingi maana yake ni kwamba ukurasa umejaa, na mwandishi huyo huyo anaweza kukutafuta miezi mitatu baadaye akiandika makala ya nishati. Nimeshuhudia hilo mara nyingi kiasi cha kumshauri kila mtu ahifadhi daftari lake la mauzo likiwa limekamilika hadi mwezi huo.

Habari imetoka ikiwa na kosa. Nifanye nini?

Tofautisha kwanza kosa na usichokipenda. Muuza kuni akinukuliwa kwamba mkaa wako unachelewa kushika moto, hilo ni neno lake, liache. Ikiandikwa kwamba shule ilitumia Sh 1,200,000 kwa wiki badala ya kwa mwezi, hilo ni kosa.

Mpigie mwandishi siku hiyo hiyo, mwoneshe ujumbe wa tarakimu uliomtumia, umwombe arekebishe kwanza toleo la mtandaoni, kwa kuwa ndilo litakalosomwa mwaka ujao. Asipofanya hivyo, mwandikie mhariri kwa adabu, ukitaja tarehe, ukurasa, sentensi ilivyo na inavyotakiwa kuwa. Likishindikana kabisa na kosa ni zito, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko na kusuluhisha bila mahakama. Wakati huo huo mpigie mkuu wa shule mwenyewe umweleze, kabla hajapigiwa na wazazi wanaouliza fedha za ada zinachomwa wapi.